Nenosiri Sahihi, Fomu Ileile

Mwanafunzi anaandika jina na nenosiri, anabonyeza kitufe cha kuingia, ukurasa unazunguka kidogo, kisha fomu ileile inarudi ikiwa tupu. Hakuna ujumbe wa kosa. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha nenosiri, nalo halina hatia.

Seva haimkumbuki mtu kati ya ukurasa mmoja na mwingine. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kidakuzi: alama fupi ambayo seva hukipa kivinjari, nacho huirudisha kwa kila ombi linalofuata. Isiporudi, seva humwona mtu huyo kuwa mgeni na kumpeleka tena kwenye fomu.

Tuseme chuo kina tovuti yake, portal.chuo.example, na ndani ya ukurasa wake kimepachika fremu ya masomo kutoka masomo.example. Nenosiri linakubaliwa na kidakuzi kinatolewa, ila kwa kivinjari hicho ni kidakuzi cha mtu wa tatu, kwa kuwa anwani iliyo juu ya dirisha ni ya chuo. Tangu Chrome toleo la 80, Februari 2020, kidakuzi kisichotaja SameSite huhesabiwa kuwa Lax, na Lax haifanyi kazi ndani ya fremu ya tovuti nyingine. Sheria hiyo ilisitishwa Aprili mwaka huohuo kwa sababu ya korona, ikarudi Julai.

Kipimo ni rahisi: mwanafunzi afungue masomo.example kwenye kichupo chake peke yake. Akiingia bila shida, kasoro iko kwenye fremu. Fundi naye abonyeze F12, aende Network, atazame jibu la seva baada ya fomu kutumwa. Kidakuzi kilichokataliwa huwekewa alama ya onyo kando ya Set-Cookie. Hapo atakiandika upya hivi:

```
Set-Cookie: kikao=8f3a; Path=/; HttpOnly; Secure; SameSite=None
```

None inaruhusu kidakuzi kitumike ndani ya tovuti nyingine, na Chrome haiikubali bila Secure, yaani HTTPS.

Hata hivyo mwenye iPhone bado atakwama. Safari ilianza kuzuia vidakuzi vyote vya mtu wa tatu Machi 2020, hata viandikwe vipi, kwa sababu watangazaji walivitumia kuwafuata watu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Kinga hiyo ni ya haki, na kumshauri mwanafunzi aizime ili asome ni kumtoza faragha yake kwa kosa la fundi. Afadhali masomo yahamishiwe masomo.chuo.example. Anwani zote mbili zikiwa chini ya chuo.example, kivinjari huziona kuwa tovuti moja, na Lax inatosha.

Anayeingia vizuri leo lakini kesho akatakiwa kuingia upya ana tatizo jingine. Huyo atazame kwanza kama kivinjari chake kimepangwa kufuta vidakuzi kila kinapofungwa, au kama alikuwa kwenye dirisha la faragha.