Trei la Mayai na Namba 32,767

Jirani yangu ni fundi wa redio na simu. Mwaka jana alijitengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga: sanduku la mbao, balbu mbili za kutia joto, feni iliyochomolewa kwenye kompyuta kuukuu, na kibao cha Arduino Uno. Kibao kilipewa kazi moja tu. Kisome joto, na likiwa chini ya nyuzi 37.5 kiwashe balbu. Asubuhi ya kwanza kioo kikaandika 1.2. Sisi tuko pwani, baridi ya nyuzi moja hatuijui hata kwa kusimuliwa. Akabadilisha sensa, kioo kikarudia palepale. Akasema basi kioo ndicho kibovu, akapanga trei la mayai thelathini, akaenda zake kibandani. Aliporudi jioni kioo kilisoma 1.9 na mayai yalikuwa yameiva.

“Yalibaki kutiwa chumvi tu, jirani,” aliniambia.

Sensa haikuwa na kosa, kioo hakikuwa na kosa, na hesabu aliyoiandika ukiifanya kwa kalamu inatoa jibu sahihi. Hii hapa:

```c
int adc = analogRead(A0);
int joto = adc * 5000 / 1024;
```

Sensa yake ni LM35, ambayo kwa kila nyuzi moja ya joto hutoa milivolti 10. Kwa hiyo milivolti 270 ni nyuzi 27.0, na 375 ni nyuzi 37.5. Hapo hapahitajiki desimali hata kidogo: namba nzima inahifadhiwa kwa sehemu za kumi za nyuzi, na nukta inachorwa kwenye kioo mwishoni. Ni kama mwenye duka anayeandika daftari lake lote kwa senti. Shilingi 37 na senti 50 kwake ni 3750, anajumlisha na kutoa namba nzima, na anayesoma daftari anajua nukta ikae wapi. Nukta haihami, na wala haiandikwi popote. Iko kichwani mwa aliyepanga hesabu.

Kuna sababu ya kuhesabu hivyo. Chipu ya kibao hicho, ATmega328P, hufanya kazi kwa biti 8 kwa mara moja na haina sehemu maalumu ya kuhesabu namba zenye nukta inayoelea, zile ambazo nukta husogea kufuata ukubwa wa namba. Ukimpa kazi hiyo anaifanya, lakini kwa programu, hatua baada ya hatua. Kuzidisha namba mbili za biti 8 kunamchukua mizunguko miwili ya saa yake. Kuzidisha namba mbili zenye nukta inayoelea kunamla zaidi ya mia. Nikiri kwamba kwa sanduku la mayai, linalosoma joto mara chache kwa sekunde, gharama hiyo ingebebeka. Lakini fundi huyu alikuwa na nia ya kuhamia ATtiny85, chipu ya miguu minane yenye nafasi ya programu ya kilobaiti 8 na isiyo na hata amri ya kuzidisha. Huko kila baiti inahesabiwa.

Turudi kwenye mstari wake wa pili. Kibao hubadilisha umeme wa sensa kuwa namba kuanzia 0 hadi 1023, ambapo 1024 ingekuwa sawa na milivolti 5000. Asubuhi ile, nyuzi 27, namba ilikuwa 55. Zidisha 55 kwa 5000 upate 275,000, gawanya kwa 1024 upate 268, yaani nyuzi 26.8. Safi. Ila kwenye chipu hii kasha la aina ya `int` lina biti 16, na namba kubwa kabisa linaloweza kubeba ni 32,767. Ukiongeza moja juu yake, kasha halisemi limejaa. Linageuka kama mita ya gari iliyofika mwisho, ila badala ya kurudi sifuri linaanzia chini kabisa, −32,768, na kupanda tena. Huko ndiko kufurika.

Ile 275,000 imezunguka mita mara nne. Kila mzunguko mzima ni 65,536, na mara nne yake ni 262,144. Ukizitoa, kinachobaki ni 12,856. Chipu ikagawanya baki hilo kwa 1024, ikapata 12, na kioo kikaandika 1.2. Hata kutazama 55 ilikuwa kuchelewa, maana mara saba tu ya 5000 ni 35,000. Hesabu hii inaharibika sanduku likipita nyuzi tatu tu.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linafanana na ukweli. Sanduku linapopata joto namba ya kibao inapanda 55, 56, 57, 58, na kioo kinapanda nayo: 1.2, 1.7, 2.2, 2.7. Mtu anaona sensa iliyo hai, pengine imepotoka kidogo. Kisha inakuja 59 na kioo kinaruka hadi −3.1. Mruko huo wa ghafla, kutoka juu chanya hadi chini hasi na kuanza kupanda upya, ndiyo alama ya kufurika. Sensa mbovu huyumba au huganda, haipigi meno ya msumeno yaliyo sawasawa. Alama ya pili ilikuwa kwenye hesabu yenyewe. Namba isiyoweza kupita 32,767, ikigawanywa kwa 1024, haiwezi kupita 31. Kipimajoto kile hakikuwa na uwezo wa kuandika zaidi ya 3.1 hata ukikitia motoni, na chipu iliyoambiwa iwashe balbu mpaka isome 375 ingeziwasha mpaka umeme ukatike.

“Lakini niliijaribu kwenye kompyuta,” alisema, “ikatoa 26.8.” Ni kweli. Kwenye kompyuta yake `int` ina biti 32. Mstari uleule, kasha tofauti.

Tulikaa chini na karatasi. Kabla ya kurekebisha hesabu tulirekebisha kipimo, kwa sababu milivolti 5000 zikigawanywa mara 1024 kila ngazi ni karibu milivolti 5, ambazo ni nusu nyuzi. Kwa mayai nusu nyuzi ni pana mno, na hesabu nzuri kiasi gani haiwezi kurudisha kitu ambacho sensa haikuwahi kukisoma. Chipu ina rejeo lake la ndani la volti 1.1. Ukilitumia, ngazi moja inakuwa takriban milivolti 1, sehemu ya kumi ya nyuzi, na bado unapima hadi karibu nyuzi 110. Hilo lilitupa kikomo cha juu: jibu letu halitazidi 1100.

Sasa kizidishio. Tunataka 1100 kwa 1024, yaani 1.07421875. Kukizungusha kuwa 1 ni kupoteza karibu nyuzi tatu kwenye joto la mayai. Kwa hiyo tunakikuza kwanza, tunazidisha kwa namba nzima, kisha tunakirudisha. Ukikikuza mara 256 unapata 275 kamili bila baki, na kurudisha kwa 256 ni rahisi kwa chipu, kwani ni kusogeza biti nane kulia. Mtihani uliobaki ni ule aliouruka mwanzo: namba kubwa kabisa njiani ni ipi? Ni 1023 mara 275, yaani 281,325. Kwenye biti 16 haikai, hata ukiacha alama ya hasi na kupata kikomo cha 65,535. Kwenye biti 32, zinazobeba zaidi ya bilioni mbili, inapotea kama tone.

```c
int32_t k = (int32_t)adc * 275;
int joto = (k + 128) >> 8;
```

Lile neno `int32_t` kwenye mabano usilione ni pambo. Aliliacha mara ya kwanza, akidhani kasha kubwa la `k` linatosha. Halitoshi. Chipu huzidisha kwanza katika ukubwa wa vile vinavyozidishwa, biti 16, na kinachofika kwenye kasha kubwa ni namba iliyokwisha kuharibika. Nayo 128 ni nusu ya 256. Kwenye nyuzi 37.5 kibao husoma 349. Mara 275 ni 95,975, na ukisogeza bila kuongeza kitu unapata 374, kwa sababu kusogeza hukata baki lote. Ukitanguliza nusu, unapata 375.

Tulikuwa na bahati kwamba 275 ilitoka kamili. Sehemu moja ya kumi, kwa mfano, haiishi kamwe ukiiandika kwa biti. Lazima uikate mahali. Mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani ulihesabu saa kwa sehemu za kumi za sekunde na kuzidisha kwa sehemu ya kumi iliyokatwa kwenye biti 24. Tofauti kwa kila hesabu moja haifiki sehemu ya milioni kumi ya sekunde. Lakini tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100, na saa yake ilikuwa imekosea kwa theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud lilipita bila kuzuiwa, likaua askari 28.

Kwetu ukataji ulijificha kwenye kulainisha. Namba za sensa huchezacheza, kwa hiyo jirani aliweka wastani: kila kipimo kipya kinasogeza wastani kwa sehemu moja ya kumi na sita ya tofauti. Wastani ukaganda kwenye 360 huku sanduku likiwa 375. Tofauti ni 15, na 15 kwa 16 katika namba nzima ni sifuri, basi wastani haukusogea hata hatua moja. Nyuzi moja na nusu zimemezwa, na safari hii hakuna kilichofurika. Skeli ndiyo iliyokuwa ndogo.

Dawa ni kuuhifadhi wastani ukiwa umekuzwa mara 16, na kuupunguza wakati wa kuuonyesha tu:

```c
s = s - s / 16 + joto;
wastani = s / 16;
```

Sasa 15 iliyobaki haitupwi, inakaa ndani ya `s` mpaka itoshe kusogeza hatua. Na kasha? Joto halizidi 1100, mara 16 ni 17,600, inaingia kwenye biti 16 vizuri. Aliuliza kama anaweza kukuza mara 32 ili kulainisha zaidi. Hiyo ni 35,200, na jibu alilitoa mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Juu ya mstari ule aliandika maelezo kwa herufi kubwa: s haizidi 17,600 kwa rejeo la volti 1.1. Siku atakayerudisha volti 5, namba hiyo itakuwa 80,000.