Mauzo yamepanda, mbona faida imekonda? Soma hesabu kabla hujatoa pesa

Mwezi jana beshte yangu mwenye kibanda cha chipsi hapa Nairobi alinipigia simu. Alitaka niweke 60,000, akiba yangu yote, tufungue kibanda cha pili. "Mauzo yamepanda asilimia 25, mazee," akanieleza. Nikamwambia anitumie hesabu za miaka miwili kwanza. Kozi ya biashara sikuimaliza, lakini kuna vitu viwili vya darasani ambavyo bado natumia: uchanganuzi mlalo na uchanganuzi wima.

Hesabu alizonitumia ni hizi, kwa shilingi. 2023 ndio mbele, kisha 2024:

Mauzo: 800,000, 1,000,000
Viazi, mafuta na vifungashio: 480,000, 650,000
Kodi: 96,000, 120,000
Mshahara wa kijana wake: 80,000, 80,000
Boda za kupelekea wateja: 24,000, 70,000
Faida: 120,000, 80,000

Anza na mlalo. Hapa unafuata mstari mmoja kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Toa namba ya zamani kwa mpya, gawa jibu kwa ya zamani, kisha zidisha kwa 100. Mauzo yaliongezeka 200,000. Ukigawa kwa 800,000 unapata asilimia 25. Wengi huteleza hapa kwa kugawa na namba mpya, wanapata 20. Mwaka wa zamani ndio msingi, daima.

Kwa hiyo beshte hakunidanganya. Lakini fuata mistari mingine. Viazi na wenzake walipanda asilimia 35, na faida ikashuka asilimia 33. Boda nazo zilipanda asilimia 192! Hapo usishtuke haraka: msingi wake ulikuwa mdogo, 24,000 tu, na msingi mdogo hufanya asilimia iwe kubwa kupita kiasi. Ndiyo maana mlalo pekee hautoshi.

Sasa geukia wima. Chukua mwaka mmoja, ushuke nao, ukigawa kila mstari kwa mauzo ya mwaka huo huo. Mauzo yenyewe ni 100. Jibu linakuambia katika kila shilingi 100 iliyoingia, ni ngapi ilienda wapi.

2023, viazi na wenzake walikula shilingi 60, kodi 12, mshahara 10, boda 3. Yeye akabaki na 15. 2024, viazi 65, kodi 12, mshahara 8, boda 7. Akabaki na 8.

Unaona? Kodi ilipanda kwa asilimia 25, lakini haina kosa, kwa sababu ilitembea sawa na mauzo. Mshahara hata ulipunguza uzito. Wezi ni wawili: viazi waliongeza shilingi 5 katika kila mia, boda wakaongeza 4. (Kutoka 60 hadi 65 usiseme "imepanda asilimia 5". Ni pointi 5.)

Lakini asilimia inakuonyesha mahali pa kuchimba. Haikwambii kuna nini chini. 60 ikiwa 65, huenda viazi vimepanda bei sokoni. Au huenda gharama ni ile ile na wewe ndiye umeshusha bei yako. Kwa karatasi, mambo haya mawili yanafanana kabisa.

Nikamuuliza sahani moja humgharimu ngapi. Tukapitia risiti: shilingi 60, miaka yote miwili. Basi viazi havikupanda. Gawa 480,000 kwa 60, unapata sahani 8,000. Gawa 650,000, unapata kama 10,800. Sahani ziliongezeka asilimia 35, sawa na gharama. Pesa ndiyo ilibaki nyuma kwa 25.

Akanyamaza kidogo, kisha akakiri: Ijumaa na Jumamosi alikuwa anauza sahani ya 100 kwa 80, tena boda analipa yeye. Chukua 80, toa 60 za sahani, umebaki na 20. Kama boda ni 50, kila sahani moja aliyopeleka wikendi ilimtoa 30 mfukoni. Foleni ilikuwa ndefu, na kadiri alivyopeleka zaidi, ndivyo alivyopoteza.

Kibanda cha pili chenye ofa hiyo kingekuwa shimo la pili, na 60,000 zangu ndani yake.

Ukitaka kujaribu na hesabu zako, hakikisha vipindi vinalingana: miezi 12 kwa 12, au Desemba kwa Desemba. Ukilinganisha Desemba na Januari utajitisha bure. Na kama mwaka wa msingi ulikuwa wa hasara, usipige asilimia ya faida ya mlalo. Jibu halitakuwa na maana. Andika tofauti kwa shilingi tu.

Beshte ameondoa ofa, na sasa mteja anajilipia boda. Tumekubaliana anitumie hesabu za miezi mitatu. Nikiona ile 8 inarudi karibu na 15, tutaongea. Kwa sasa, ganji yangu iko pale pale.