Riba Tatu Ndani ya Hati Fungani Moja

Hati fungani ya miaka 3 inalipa kuponi ya shilingi 12 kila mwaka kwa kila shilingi 100, na sokoni inauzwa kwa shilingi 100 kamili. Mwanafunzi akiulizwa riba ya miaka 3 ni ngapi, hujibu hapo hapo kwamba ni asilimia 12. Jibu hilo ni wastani tu. Hati hiyo ni malipo matatu yaliyofungwa kwenye bahasha moja: 12 mwakani, 12 mwaka wa pili na 112 mwaka wa tatu. Kila malipo yana riba yake, inayotegemea urefu wa kungoja, na riba hiyo ndiyo tunayoiita riba ya papo. Ili kuipata, bahasha lazima ifunguliwe.

Hufunguliwa kuanzia kwenye muda mfupi, maana kila hatua hutumia jibu la hatua iliyotangulia. Nitatumia bei za mfano na kuponi za mara moja kwa mwaka ili hesabu ifuatike; hati za Serikali ya Kenya hulipa kila baada ya miezi 6, lakini njia ni ile ile.

Tuseme hati ya hazina ya mwaka 1, ambayo haina kuponi, inauzwa kwa 90.91. Basi shilingi 100 za mwakani zina thamani ya 90.91 leo, na riba ya papo ya mwaka 1 ni asilimia 10.

Sasa chukua hati ya miaka 2 yenye kuponi ya 11, bei yake 100. Kuponi ya kwanza tunajua thamani yake: 11 mara 0.9091, yaani 10. Zinabaki shilingi 90, nazo ndizo zinazolipia 111 za mwaka wa pili. Gawanya 90 kwa 111, utaona kwamba shilingi 100 za mwaka wa pili ni 81.08 leo. Hiyo ni riba ya papo ya asilimia 11.06 kwa mwaka.

Turudi kwenye hati yetu ya miaka 3. Kuponi ya kwanza ni 10.91 leo, ya pili 9.73. Ukizitoa kwenye 100 zinabaki 79.36, ambazo zinalipia 112. Kwa hiyo shilingi 100 za mwaka wa tatu ni 70.86 leo, na riba ya papo ya miaka 3 ni asilimia 12.17, si 12.

Riba ya mbele sasa inapatikana kwa kugawanya tu. Gawanya 90.91 kwa 81.08: soko linatoza asilimia 12.12 kwa mwaka wa pili peke yake. Gawanya 81.08 kwa 70.86: mwaka wa tatu peke yake unatozwa karibu asilimia 14.43. Wastani wa 12 ulikuwa umeuficha mwaka huo wa ghali. Lakini asilimia 14.43 si utabiri wa riba itakayokuwapo wakati huo. Ndani yake mna pia fidia anayodai mwekezaji kwa kukubali kufungia fedha zake muda mrefu.

Hapo ndipo nawasihi wanafunzi wawe waangalifu. Bei ya hati ya miaka 3 ikiandikwa 99 badala ya 100, riba ya papo hupanda hadi kama asilimia 12.64, chini ya nusu pointi. Riba ya mbele ya mwaka wa tatu huruka hadi 15.89, karibu pointi moja na nusu. Kosa huongezeka mara tatu, na huendelea kuchafua miaka inayofuata. Kurudisha riba kwenye hati na kuona kama bei inatoka sawa hakutakusaidia, kwa sababu itatoka sawa daima, hata bei uliyoanza nayo ikiwa mbovu. Angalia mfululizo wa riba za mbele: zikipanda ghafla mwaka mmoja na kushuka unaofuata, chunguza bei ya hati ya mwaka huo. Huenda ni ya mauzo ya wiki kadhaa zilizopita, au haikujumuisha kuponi iliyokwisha kulimbikizwa.

Kosa baya zaidi ni kuchanganya hati zisizofanana. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliuza hati ya miundombinu ya miaka 8.5, kuponi asilimia 18.4607, isiyotozwa kodi. Hati za kawaida hukatwa kodi ya zuio kwenye kuponi. Ukizipanga zote kwenye ngazi moja, riba ya mbele utakayopata itapima tofauti ya kodi, si bei ya wakati. Kabla ya kugawanya chochote, tenga hati za kodi na zisizo na kodi, kila kundi lipate ngazi yake.