Je, Wajua? Hisa Moja kwa Kila Tano: Benki Mbili, Hesabu Mbili Tofauti

Je, wajua kwamba benki mbili za Afrika Mashariki ziliongeza hisa zao kwa kiwango kilekile, moja ikapata zaidi ya shilingi bilioni 150 na nyingine isipate hata senti? Mwaka 2015, CRDB ya Tanzania iliwauzia wanahisa wake hisa stahiki: kila mwenye hisa 5 alikuwa na haki ya kununua 1 mpya kwa shilingi 350. Mwaka 2017, Co-operative Bank ya Kenya iliwapa wanahisa wake hisa za bonasi: kila mwenye hisa 5 aliongezewa 1 bila kulipa chochote.

Je, wajua kwamba bonasi haiongezi mali ya kampuni? Co-operative Bank ilikuwa na hisa karibu bilioni 4.89, na baada ya bonasi zikafika karibu bilioni 5.87. Kila hisa ina thamani ya shilingi 1 vitabuni, hivyo takriban shilingi milioni 978 zilitolewa kwenye fungu la akiba zikaandikwa kwenye mtaji wa hisa. Jumla ya mtaji wa wanahisa ilibaki ileile. Ni kama kuikata chapati ileile vipande sita badala ya vitano: vipande vimeongezeka, unga haujaongezeka.

Je, wajua kwamba hata hivyo bonasi inaweza kumnufaisha mwanahisa? Nafasi yake iko kwenye gawio. Benki hiyo ililipa senti 80 kwa kila hisa kwa mwaka 2016, ikalipa senti 80 tena kwa mwaka 2017. Aliyekuwa na hisa 1,000 sasa alikuwa nazo 1,200, kwa hiyo gawio lake kabla ya kodi lilipanda kutoka shilingi 800 hadi 960. Lakini kilichomwongezea si bonasi yenyewe, bali uamuzi wa benki wa kutopunguza gawio la kila hisa. Kama ingelishusha kwa kadiri hisa zilivyoongezeka, mwanahisa angepokea kiasi kilekile cha zamani.

Je, wajua kwamba hisa stahiki huingiza fedha taslimu, na fedha hizo hugawanywa mafungu mawili vitabuni? CRDB ilitoa hisa mpya zipatazo milioni 435, ambazo kwa shilingi 350 ni takriban bilioni 152. Hisa ya CRDB ina thamani ya shilingi 25 vitabuni. Kwa hiyo kama bilioni 10.9 ziliingia kwenye mtaji wa hisa, na zile bilioni 141 na ushei zikaingia kwenye fungu la ziada ya bei, kabla ya kutoa gharama za mauzo. Hapa mtaji wa wanahisa ulikua kwelikweli, na benki ikapata fedha za kukopesha.

Je, wajua kwamba kukaa kimya wakati wa hisa stahiki kuna gharama? Chukua bei ya 350 na, kwa mfano tu, tuseme sokoni hisa inauzwa 410. Hisa 5 za zamani zina thamani ya 2,050. Ongeza 350 ya hisa mpya, jumla ni 2,400. Gawanya kwa 6, bei mpya inayotarajiwa ni 400. Mwenye hisa 1,000 ana mali ya shilingi 410,000. Akilipa 70,000 kwa hisa 200, atakuwa na hisa 1,200 zenye thamani ya 480,000. Ukitoa alicholipa, inabaki 410,000. Asiponunua, lakini masharti yakamruhusu kuuza haki yake kwa 50 kwa kila hisa mpya, atapata 10,000 na hisa zake zitakuwa na thamani ya 400,000. Jumla ni ileile. Asipofanya lolote anabaki na 400,000. Ile 10,000 imewaendea walionunua.

Je, wajua kwamba hasara nyingine ni ya sauti katika kampuni? Mwaka 2012, Kenya Airways iliuza hisa stahiki 16 kwa kila hisa 5, kwa shilingi 14. Si zote zilizonunuliwa, lakini hisa za shirika zilipanda kutoka takriban milioni 462 hadi karibu bilioni 1.5. Mwanahisa wa asilimia 10 ambaye hakununua alishuka hadi karibu asilimia 3. Bonasi haifanyi hivyo, kwani kila mmoja huongezewa kwa uwiano uleule.

Je, wajua namna ya kuzitambua kwenye ripoti ya mwaka? Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Hisa stahiki zitaonekana kama fedha zilizoingia kutokana na kutoa hisa. Bonasi hutaiona hapo kabisa. Itafute kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji, ambako kiasi kilichopungua upande wa akiba ni kilekile kilichoongezeka upande wa mtaji wa hisa.