Kodi Nusu kwa Kufagia Uwani

Katika nyumba nyingi za kupanga za Manzese, Tandika, Buguruni na Mbagala, jijini Dar es Salaam, usafi huenda kwa zamu. Nyumba ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma kuna uwani wenye jiko, bafu na vyoo vya wote. Wiki hii anafagia chumba cha kwanza, wiki ijayo cha pili. Utaratibu huo huenda vizuri mpaka anapohamia kijana anayelala kazini siku nne kwa wiki, au mama wa chumba cha tano anapojifungua, au mtu anapogoma kwa sababu aliyemtangulia aliacha choo kichafu. Ugomvi ukishaingia, zamu zimekufa. Ndipo mpangaji mmoja, mara nyingi yule ambaye kodi imeanza kumwelemea, anapomfuata mwenye nyumba na ombi lake: nipunguzie kodi, usafi niachie mimi.

Ombi hilo si la kujidhalilisha. Ni biashara halali kati ya watu wawili, na mwenye nyumba asiyeishi hapo ana sababu nzuri ya kulikubali. Nyumba yenye vyoo vichafu humpotezea wapangaji, na chumba kinachokaa kitupu mwezi mzima ni kodi ya mwezi mzima iliyokwenda. Lakini mapatano mengi ya namna hii huvunjika, na karibu kila mara chanzo ni kilekile: hakuna aliyekaa chini akahesabu saa za kazi na kuziweka mbele ya fedha.

Basi tuhesabu. Tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi na mwenye nyumba amekubali kupunguza nusu, yaani shilingi 30,000. Kufagia uwani na mbele ya nyumba kwa ufagio wa chelewa, pamoja na kuzoa majani ya mwembe, huchukua kama dakika 40. Siku sita kwa wiki, hiyo ni zaidi kidogo ya saa 17 kwa mwezi. Vyoo viwili na bafu vikisuguliwa mara tatu kwa wiki, dakika 50 kila mara, ni karibu saa 11. Mfereji wa maji machafu na mapipa ya maji huhitaji saa moja kwa wiki, na kutoa taka siku za gari la taka kunaongeza kama saa tatu kwa mwezi. Jumla inakaribia saa 35. Gawanya shilingi 30,000 kwa saa hizo, unapata kama shilingi 850 kwa saa. Mpangaji aulinganishe mgawo huo na anachopata kibarua wa mtaani kwake. Ukiwa chini sana, anayepata nafuu katika mapatano hayo ni mwenye nyumba peke yake.

Hesabu hiyo ni ya kiangazi. Masika yanapoingia, kuanzia Machi hadi Mei, tope la uwani huingia mpaka ukumbini, mchanga hujaa mferejini na majani yaliyolowa hayafagiliki. Ongeza nusu saa tu kwa kila siku ya kazi, na saa 35 zinakuwa 48. Kazi imekua kwa zaidi ya theluthi na kodi iko palepale.

Msimu huo huo ndio kazi hii inapokuwa na uzito wa kiafya ambao wapangaji wengi hawauoni. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wanaoieneza huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: tairi bovu, kifuu cha nazi, ndoo iliyosahaulika nyuma ya choo, pipa lisilofunikwa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huweza kuchukua siku saba hadi kumi tu. Kwa hiyo anayezunguka uwani mara moja kwa wiki akimwaga maji hayo na kusugua kuta za mapipa, mayai yanakoshikilia, anawawahi mbu kabla hawajaruka. Akiruka wiki mbili, amechelewa. Hii ni sehemu ya kazi inayostahili kutajwa wazi kwenye mapatano, kwa sababu macho hayaioni kama yanavyouona uwani uliofagiliwa.

Vyoo navyo vina hatari yake. Wapo wanaomwaga Jiki na asidi ya kusafishia choo kwa pamoja wakidhani uchafu utatoka upesi zaidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na koo, na katika choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kumdhuru mtu vibaya. Itumike dawa moja, isuuzwe kwa maji mengi, mlango ukiwa wazi. Glavu, buti na dawa vinunuliwe na mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua sabuni kwa fedha yake anajirudishia mzigo aliopunguziwa.

Kinachoyaua zaidi mapatano haya ni kazi kuongezeka kimyakimya. Mpangaji aliahidi kufagia. Mwezi wa pili anaombwa kuwafungulia geti madalali wanaoleta wateja wa chumba kilicho wazi. Mwezi wa tatu anatumwa kukusanya fedha za luku kutoka chumba hadi chumba. Mwezi wa nne simu inalia usiku: “Mwanangu, naomba uniangalizie, hivi yule wa chumba cha nne ameingiza mgeni?” Hapo amekuwa msimamizi, mkusanya fedha na mpelelezi kwa bei ya ufagio. Majirani nao wanaanza kunyamaza anapopita ukumbini, na neno “mbeya” haliko mbali. Aliyeomba nafuu ya kodi anaishia kupoteza ujirani, na katika nyumba ya ukumbi mmoja huko ni kupoteza kitu kikubwa.

Dawa yake ni kutenganisha. Usafi uwe kazi moja yenye bei yake. Kukusanya fedha za luku au za maji kuwe kazi nyingine, na ikiwezekana ifanywe na mtu mwingine. Kuzibua choo kilichoziba ni kazi ya fundi. Kunyonya shimo lililojaa ni kazi ya gari la majitaka, na mpangaji asikubali hata mara moja kuingia shimoni au kulitapisha kwa ndoo, hata akiahidiwa kodi ya mwaka mzima.

Majirani waambiwe mapema, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aseme, ili wajue kwamba punguzo linatoka mfukoni mwake. Ziko nyumba ambako wapangaji wengine hutakiwa kuchanga kidogo kidogo kumlipa anayesafisha. Mpango huo huonekana wa haki, lakini humgeuza msafishaji kuwa mdai wa jirani zake, na asiyechanga mwezi mmoja huwapa wengine sababu ya kuacha. Punguzo la kodi ni safi zaidi: linawahusu watu wawili tu.

Suala la kodi ya miezi sita linahitaji uangalifu wa pekee. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Katika mfano wetu, miezi sita ni shilingi 360,000 kamili, au 180,000 baada ya punguzo. Mpangaji akilipa 180,000 mwanzoni kisha akapata ajira na kuacha kufagia baada ya miezi miwili, anadaiwa 120,000 ya miezi minne iliyobaki, na huenda hana. Akilipa 360,000 zote kwa ahadi ya kufidiwa awamu ijayo, yeye ndiye anayemkopesha mwenye nyumba, kazi na fedha kwa pamoja. Mzee akifariki kabla ya awamu hiyo, atakuja mtoto wake kudai kodi, asiyejua lolote kuhusu ufagio. Ni salama zaidi kulipa kwa miezi mitatu, na daftari moja lisainiwe na wote wawili kila mwisho wa mwezi.

Mkataba wenyewe hauhitaji lugha nzito. Ukurasa mmoja unatosha, wenye nakala mbili, ukishuhudiwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Uandike kodi kamili, shilingi 60,000, na mstari wa pili uandike punguzo, shilingi 30,000, na sababu yake. Ukiandika tu kwamba kodi ni 30,000, siku kazi inapokoma hakuna atakayejua kodi halisi ilikuwa kiasi gani. Kisha zifuate kazi zenyewe na siku zake, nani ananunua vifaa, nyongeza ya masika, na itakuwaje mpangaji akiugua au akisafiri msibani.

Mwenye nyumba naye ana jambo la kujua, na wengi hawalijui. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba uitweje, ikiwa kipo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa. Kimojawapo ni kufanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Vingine ni kuelekezwa namna ya kufanya kazi na kupewa zana. Turudi kwenye hesabu: saa 48 kwa mwezi, Machi, Aprili na Mei. Masika moja tu yanatosha kumfanya mpangaji adai kwamba yeye ni mfanyakazi. Na kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inahesabu ujira kuwa ni malipo ya fedha au ya kitu, mwenye nyumba hawezi kujitetea kwa kusema hakumlipa hata senti.

Mgogoro kama huo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kufungua shauri, na ulinzi huo haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Hapo daftari la kila mwezi linamsaidia kila upande. Linamwonyesha mwenye nyumba kwamba saa zilikuwa chache na zilikubaliwa. Au linamwonyesha mpangaji kwamba alifanya kazi ya ajira kwa bei ya upendeleo.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, pande zote mbili zijaribu mwezi mmoja. Mpangaji aandike muda wa kuanza na kumaliza kila siku, bila kujipendelea. Mwisho wa mwezi wakae na karatasi hiyo, wapange punguzo upya kama hesabu imekataa, na wakubaliane jinsi ya kuachana: notisi ya mwezi mmoja kutoka upande wowote, glavu, buti na mafagio kurudishwa, na kodi kurejea 60,000 kuanzia tarehe mosi inayofuata, mpangaji akiendelea kuishi chumbani mwake kama wapangaji wengine.