Biashara ya mlinzi wa usiku: hesabu ya trei kumi za mayai

Mlinzi anayeshuka lindo saa 12 asubuhi Mikocheni au Masaki huambiwa na wengi kwamba ana mchana mzima wa kutafuta riziki nyingine. Ushauri huo ni wa hatari. Mchana wake ndio usiku wake, na mwili una saa yake unayoifuata: usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi kuliko wa usiku. Akitoa saa sita za kulala na muda wa daladala kwenda na kurudi, hubaki na vipande viwili tu vya kazi, kimoja asubuhi na kingine jioni. Biashara inayomfaa ni ile inayoenea ndani ya vipande hivyo.

Kipimo hicho huondoa mawazo mengi yanayosifiwa mitaani. Bodaboda haifai, kwa sababu utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini sawa na aliyekunywa pombe hadi kiwango ambacho nchi nyingi hukataza kuendesha. Uwakala wa fedha hudai mtu akae kibandani siku nzima akihesabu pesa, na macho yenye usingizi hukosea tarakimu. Kuku wa nyama huonekana kazi nyepesi, lakini vifaranga katika wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 usiku na mchana. Jiko la mkaa likizimika saa 8 usiku, mwenye banda yuko lindoni. Kama hakuna mtu nyumbani wa kuamka na kuongeza mkaa, atakuta vifaranga vimerundikana na vingine vimekufa.

Kinachoingia vizuri ni kuuza mayai kwa jumla ndogo. Huna haja ya kufuga. Unanunua kwa mfugaji na kusambaza kwa wakaanga chipsi, wenye maduka ya mtaa na wachemsha mayai. Uzuri wake uko kwenye saa. Mwenye duka hufungua mapema asubuhi. Mkaanga chipsi huanza kumenya viazi asubuhi hiyohiyo, na kikaango chake huchemka kuanzia mchana hadi usiku, kwa hiyo huyataka mayai kabla hujaenda kulala.

Tuchukue mfano wa mlinzi anayeishi Kivule. Saa 10 jioni anaamka, na kijana wa bodaboda anamletea trei kumi kutoka kwa mfugaji wa jirani. Anahesabu, anakagua, anayahifadhi mahali penye kivuli, kisha anaondoka kwenda kazini. Saa 1 na nusu asubuhi amerudi, anafunga trei kwenye baiskeli na kuzungukia wateja wanane wa mtaa wake. Saa 4 awe kitandani. Njia hii ya kupokea jioni na kuuza asubuhi inamwepusha na kosa la kwenda shambani akiwa hajalala.

Hesabu yake ni hii. Bei hubadilika, hivyo tuweke za mfano: anunue trei ya mayai 30 kwa shilingi 8,000 na kuiuza 9,000. Trei kumi humpa tofauti ya 10,000 kwa siku. Bodaboda achukue 3,000. Yakivunjika mayai kumi, yaani moja tu kwa kila trei, anapoteza mauzo ya 3,000. Kinachobaki ni 4,000, na kwa siku 24 za mwezi ni 96,000. Akipunguza mayai yaliyovunjika kutoka kumi hadi matatu, huokoa 2,100 kila siku, ambayo ni zaidi ya tofauti ya trei mbili, bila kutafuta mteja mpya hata mmoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulinda ganda. Trei za karatasi zikiloa hulegea, na zilizopangwa juu huzibonyeza za chini, hivyo trei za plastiki hulipa gharama yake. Mayai yakae ncha nyembamba chini, na yasioshwe, maana maji huondoa utando wa juu unaozuia vijidudu kupenya. Wakati wa kupokea, tochi ya simu ikiwekwa nyuma ya yai kwenye giza huonyesha ufa usioonekana kwa macho matupu. Chukua pia mawili matatu uyaweke majini: yai jipya hulala chini, la siku nyingi husimama, na linaloelea limeshapitwa, kwa kuwa hewa ndani yake huongezeka kadiri unyevu unavyotoka. Uliyoyajaribu upike nyumbani. Mfugaji anayekuchanganyia ya zamani mara mbili badilisha, kwa sababu mkaanga chipsi akipasua yai viza mbele ya mteja wake hatanunua kwako tena.

Tatizo la pili ni mali kauli. Trei kumi zinagharimu 80,000, na mgeni wa biashara hudhani huo ndio mtaji. Wakaanga wengi hulipa kesho yake, baada ya mauzo ya usiku. Hapo unahitaji 80,000 nyingine ya kununulia mzigo wa leo huku ya jana ikiwa mikononi mwa watu, jumla 160,000. Wakilipa siku ya tatu, mtaji unafika 240,000 kwa mauzo yaleyale. Mteja mmoja akitoroka na trei mbili, amebeba shilingi 18,000, faida ya zaidi ya siku nne. Kanuni inayosaidia ni kutotoa mzigo mpya kabla ya ule wa nyuma kulipwa, na kila deni liandikwe daftarini siku hiyohiyo. Anayeanza kwa mkopo wa kausha damu ameshindwa mapema, kwani riba ya wiki humeza tofauti ndogo ya trei.

Kuna mambo ya sheria yasiyopaswa kuachwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hutaja usiku kuwa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na hudai nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku. Mlinzi aikague stakabadhi yake ya mshahara kabla ya kutafuta mtaji mahali pengine. Asome pia mkataba wake, kwa kuwa baadhi ya waajiri hukataza kazi ya pili. Kwa upande wa kodi, makadirio ya TRA kwa wafanyabiashara wadogo hufuata mauzo ya mwaka, si faida. Trei kumi kwa siku ni mauzo ya zaidi ya milioni 25 kwa mwaka hata kama faida haifiki laki moja kwa mwezi. Daftari lililotunzwa vizuri ni utetezi wake anapokwenda kukadiriwa, na kodi hiyo aiingize kwenye bei tangu mwanzo.

Biashara hii ina ukomo wake. Kampuni ikimhamishia zamu ya mchana, wateja watakosa mzigo wiki hiyohiyo. Ndiyo maana mke, mume au mdogo wake ajue njia na madeni yote tangu mwezi wa kwanza. Akitaka kufika trei 20, amlipe kijana wa kusambaza nusu ya njia badala ya kuongeza saa zake. Dalili ya kuvuka mpaka ni rahisi kuiona: akipanda kitandani baada ya saa 5 asubuhi mara mbili ndani ya wiki, apunguze wateja. Mshahara wa lindo ndio unaobeba kodi ya nyumba na chakula, na mlinzi anayekutwa amelala huupoteza kwa usiku mmoja.