Bati Jembamba Halitaki Moto Mwingi

Ukimpelekea fundi gari lililooza sakafu, kazi itakayomsumbua zaidi ni kuchomelea kipande cha bati la milimita 1 bila kulitoboa. Bati la unene huo huhitaji ampea 40 hivi tu. Lakini mashine nyingi za MIG hazina swichi ya ampea. Zina swichi mbili, moja ya volti na nyingine ya kasi ya waya, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kwenye MIG, ampea huletwa na waya. Kadiri unavyotoka kwa kasi, ndivyo mashine inavyosukuma umeme mwingi ili kuuyeyusha. Volti huamua urefu wa cheche na upana wa mshono. Kwa hiyo anayeona tundu kisha akaongeza waya ili alizibe, anaongeza moto juu ya moto.

Kwa bati hilo, funga waya wa milimita 0.6 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi. Waya wa 0.8 unawezekana, ila kwa ampea 40 lazima uende polepole mno, karibu mita 2 kwa dakika, na cheche huyumba. Ule wa 0.6 huenda mita 3.5 hivi. Volti anzia 15 au 16. Kama swichi zako zina herufi au namba tu, tazama jedwali ambalo aghalabu hubandikwa ndani ya mlango wa waya.

Sasa chukua kipande chakavu cha unene uleule, ukisugue hadi chuma kitupu, uchomelee huku ukisikiliza. Mpangilio ukikaa sawa, mlio huwa wa haraka na usiobadilika, kama kitunguu kwenye mafuta ya moto. Waya ukikusukuma mkono na mshono ukavimba juu, waya umezidi volti: punguza waya kidogo. Ncha ya waya ikifanya donge na kurudi nyuma kuelekea tundu la shaba, volti zimezidi. Gusa swichi moja kwa wakati, la sivyo hutajua ipi imeponya.

Halafu geuza kipande. Mstari mdogo uliojitokeza kwa nyuma ni dalili njema. Ukiona rangi ya bluu tu, mshono umekaa juu juu na utang'oka.

Hata swichi zikiwa sahihi, mshono mrefu wa mfululizo utatoboa, kwa sababu joto hujilimbikiza kwenye bati. Weka nukta fupifupi zilizoachana, ruka upande wa pili, kisha rudi kujaza mapengo bati likiwa limepoa. Penye mwanya, shikiza kipande cha shaba nyuma. Shaba hunyonya joto na haishikani na mshono. Tundu likitokea licha ya yote hayo, acha, subiri lipoe, kisha lizibe kuanzia kingo kuelekea katikati, nukta moja moja.